Dhamana ya pamoja au kila mtu na deni lake? Ulinganisho kwa wanaokopesha vikundi

(Maelezo ya kusemwa kwenye semina ya maafisa mikopo na wajumbe wa bodi. Ubao mmoja unatosha. Hesabu ziandikwe wakati zikisemwa, zisitangulie.)

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Kukopesha kwa kikundi na dhamana ya pamoja ni vitu viwili. Mnaweza kuwakusanya akina mama watano chini ya mwembe kila Jumanne, wakatoa marejesho mbele ya wenzao, na bado kila mmoja akawa na deni lake peke yake. Hicho ni kikundi bila dhamana ya pamoja. Mkataba ukisema kwamba mmoja asipolipa wenzake wanamlipia, na wasipomlipia hakuna atakayepata mkopo unaofuata, hapo ndipo ilipo dhamana ya pamoja. Uchaguzi mlio nao mezani ni kati ya mikataba hii miwili. Mkopo wa mtu mmoja mmoja wenye rehani ya hati ya nyumba au kadi ya gari tunauacha pembeni, kwa sababu wateja tunaowazungumzia hawana cha kuweka rehani.

Mfumo wa dhamana ya pamoja ulijulikana duniani kupitia Benki ya Grameen ya Bangladeshi. Muhammad Yunus alianza kukopesha katika kijiji cha Jobra mwaka 1976, na benki yenyewe ikasajiliwa mwaka 1983. Kikundi kilikuwa cha watu watano. Wawili walianza kukopeshwa, wakionekana wanalipa wakafuata wawili wengine, na mwenyekiti akapata mwisho. Kenya iliuchukua mtindo huo mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupitia mpango wa Juhudi wa shirika la K-REP, ambako kikundi cha watu watano kiliitwa "watano". Ndiyo maana hata leo mkopeshaji mdogo wa Mwanza au Kisumu anayeanza kazi hufikiria watu watano kabla hajajiuliza kwa nini watano.

Sasa, kwa nini dhamana ya pamoja ipunguze madeni yasiyolipwa? Kuna njia tatu. Ya kwanza ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi, kwa hiyo tutakaa nayo.

Mkopeshaji hajui nani ni mwangalifu na nani ni wa kubahatisha. Fomu zao zinafanana: wote wameandika "biashara ndogondogo". Majirani wanajua. Chukueni watu wa aina mbili. Mwangalifu, biashara yake hufaulu mara 9 kati ya 10. Mbahatishaji hufaulu mara 6 kati ya 10, ingawa akifaulu hupata faida kubwa zaidi. Waunde kikundi cha wawili wawili, na sharti liwe kwamba ukifaulu wewe na mwenzako akianguka, unamlipia shilingi 50,000.

Mwangalifu akiungana na mwangalifu mwenzake, uwezekano wa yeye kufaulu na mwenzake kuanguka ni 9 kati ya 100. Kwa wastani dhamana inamgharimu shilingi 4,500. Akiungana na mbahatishaji, uwezekano huo unapanda hadi 36 kati ya 100, na gharama inakuwa 18,000. Maana yake, kumpata mwenzi mzuri kunamwokolea 13,500. Mgeukieni mbahatishaji. Akiwa na mwangalifu, gharama yake ni 6 kati ya 100, yaani 3,000; akiwa na mbahatishaji mwenzake ni 24 kati ya 100, yaani 12,000. Yeye mwenzi mzuri anamwokolea 9,000.

Linganisheni 13,500 na 9,000. Mbahatishaji hata akimwendea mwangalifu na kumwambia "nikubali, nitakupa kitu kidogo", kiasi chote anachoweza kutoa bila kujiumiza hakifiki hasara atakayomsababishia. Kwa hiyo waangalifu wanaungana wenyewe kwa wenyewe, na wabahatishaji wanabaki wakiangaliana. Mkopeshaji hajamhoji mtu, lakini uchambuzi umefanyika. Hoja hii aliifafanua mwanauchumi Maitreesh Ghatak mwishoni mwa miaka ya 1990, na inafanya kazi kwa sharti moja tu: watu wachaguane wenyewe. Afisa mikopo anayepanga watu kwa orodha, "wewe, wewe na wewe mtakuwa kundi la tatu", amebaki na mzigo wa dhamana na ameitupa faida yake. Ni kosa la kawaida sana, na hufanyika zaidi mwisho wa mwezi, afisa anapokimbizana na lengo la idadi ya vikundi.

Njia ya pili ni kuangaliana. Mama aliyekopa kwa ajili ya genge na pesa ikaenda kwenye kicheni pati ya mdogo wake, ofisini hamtajua hadi rejesho la nne au la tano. Jirani anajua jioni ileile. Chini ya mkataba wa deni binafsi jirani hana sababu ya kusema. Chini ya dhamana ya pamoja anayo, kwa sababu ni pesa yake. Joseph Stiglitz aliieleza hoja hii mwaka 1990, na mwenyewe alikiri kwamba haiji bure: anayebeba hatari ya mwenzake anabeba mzigo, kwa hiyo mkopo lazima uwe na unafuu wa kufidia mzigo huo. Mkopeshaji anayetoza riba ileile ya mkopo binafsi halafu anaongeza na dhamana ya pamoja, asishangae wateja wazuri wakihama.

Njia ya tatu ni kulipiana pale mtu anapopata msiba au ugonjwa. Hapa dhamana inafanya kazi ya bima. Lakini ndipo pia hatari kubwa ilipo, na hili lazima tuliweke kwa namba.

(Andika ubaoni: watu 5, kila mmoja 500,000, riba 50,000, wiki 25, rejesho 22,000.)

Kikundi kimelipa vizuri wiki 10. Kila mmoja amelipa 220,000 na amebakiwa na 330,000. Deni la kikundi zima ni 1,650,000. Tuseme kwamba kwa kila mwanachama, kubaki na jina zuri kuna thamani ya 450,000: mikopo ijayo, akiba aliyoweka na heshima mtaani. Namba hii ni ya mfano, lakini kila mteja anayo yake kichwani hata kama hajawahi kuiandika. Kanuni ni rahisi: akidaiwa chini ya hapo atalipa, akidaiwa zaidi ya hapo ataacha.

Mwanachama mmoja anatoroka. Kwa mkataba wa deni binafsi mmepoteza 330,000 zake. Kwa dhamana ya pamoja, deni hilo linagawanywa kwa wanne, 82,500 kila mmoja. Ukijumlisha na deni lake mwenyewe, kila aliyebaki anadaiwa 412,500. Iko chini ya 450,000. Watanung'unika, watalipa, na ninyi hamjapoteza kitu. Huu ndio mfano unaosimuliwa kwenye semina nyingi, na kwa kawaida husimuliwa hadi hapo tu.

Watoroke wawili. Sasa kuna 660,000 za kubebwa na watu watatu, 220,000 kila mmoja. Pamoja na deni lake, aliyebaki anadaiwa 550,000. Imevuka 450,000. Huyu mtu angelipa 330,000 zake bila shida kama angeachiwa deni lake peke yake. Mkataba wenu ndio umemfanya aache, kwa sababu akilipa lake tu bila la wenzake hapati mkopo unaofuata, basi hata lake analipa la nini? Wote watatu wanaacha. Mmepoteza 1,650,000, wakati mkataba wa deni binafsi ungewapotezea 660,000. Timothy Besley na Stephen Coate walilionyesha jambo hili kwenye utafiti wao wa mwaka 1995: dhamana ya pamoja inaokoa pale wanaoshindwa ni wachache, na inaangusha hata wenye uwezo pale wanaoshindwa wanapokuwa wengi.

Kuna mkataba wa katikati ambao haupewi nafasi inayostahili. Wekeni ukomo: mwanachama atawalipia wenzake hadi robo ya deni lake mwenyewe lililobaki, basi. Robo ya 330,000 ni 82,500. Akitoroka mmoja, wanne wanafidia deni lote. Wakitoroka wawili, kila aliyebaki anadaiwa 412,500 na si 550,000, kwa hiyo analipa. Mnakusanya 1,237,500 na kupoteza 412,500.

| Waliotoroka | Hasara: deni binafsi | Hasara: dhamana isiyo na ukomo | Hasara: dhamana ya robo |
|---|---|---|---|
| 1 | 330,000 | 0 | 0 |
| 2 | 660,000 | 1,650,000 | 412,500 |
| 3 | 990,000 | 1,650,000 | 825,000 |

Msiikariri hiyo robo. Kama thamani ya mkopo ujao kwa wateja wenu ni 400,000 tu, 412,500 tayari imevuka na wataacha hata akitoroka mmoja. Ukomo unatokana na kile mteja anachokiona mbele yake. Mkopeshaji ambaye kila mtu anajua kwamba mwakani huenda hayupo hawezi kuweka hata ukomo wa robo.

Ukomo huu unatibu pia ugonjwa mwingine, wa mikopo isiyolingana. Kikundi kinaanza wote na 500,000. Baada ya mizunguko mitatu mmoja ana duka la jumla na anaomba 3,000,000, wenzake bado wako kwenye 500,000. Bila ukomo, wauza mboga wanne wanamdhamini mwenye duka kwa deni ambalo hata wakiuza kila kitu hawalimalizi, na yeye anawadhamini kwa kiasi ambacho hakimsumbui. Wadogo wakigundua hilo hukataa kusaini, na mkubwa anabaki amefungiwa mkopo asioupata. Huyo ndiye mteja wa kumtoa kwenye kikundi na kumpa mkopo wake. Kumng'ang'aniza abaki ili kikundi kionekane imara ni kumtuma kwa mshindani wenu.

Mbali na nadharia, mikataba hii miwili imepambanishwa uwanjani. Xavier Giné na Dean Karlan walifanya kazi na benki moja Ufilipino iliyokuwa na vituo vya dhamana ya pamoja. Baadhi ya vituo, vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, vilibadilishwa kuwa deni binafsi huku mikutano ya kila wiki ikiendelea vilevile. Baada ya miaka mitatu kiwango cha wasiolipa hakikupanda. Kule Mongolia jaribio la vijijini lililolinganisha mikopo ya kikundi na ya mtu binafsi nalo halikuona tofauti ya ulipaji. Na Grameen yenyewe, ilipobadili mfumo wake mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliiacha dhamana ya pamoja ya kimkataba na kubaki na vikundi na mikutano.

Kabla hamjaenda kufuta kifungu cha dhamana, angalieni vituo vya Ufilipino vilikuwa vya namna gani. Watu walikuwa wameshachaguana chini ya dhamana ya pamoja. Wabahatishaji walikuwa wameshaachwa nje. Kuondoa kifungu kwenye kikundi kilichokwisha chujwa ni jambo jingine kabisa na kuanza bila kifungu katika mtaa msioujua. Watafiti hao walijaribu pia kufungua vituo vipya vya deni binafsi tangu mwanzo, na maafisa mikopo wakasita kuvifungua katika maeneo mapya. Ulipaji haukuharibika, ila vituo vilivyofunguliwa vilikuwa vichache. Kwa mkopeshaji anayetaka kupanuka, hiyo nayo ni gharama, ingawa haionekani kwenye hesabu ya mikopo chechefu.

Kuna utafiti mwingine unaosaidia hapa, wa Kolkata, uliochapishwa mwaka 2013. Wateja wote walikuwa na deni binafsi, lakini baadhi ya vikundi vilikutana kila wiki na vingine kila mwezi. Waliokutana kila wiki kwenye mkopo wa kwanza walikuwa na uwezekano mdogo mara tatu wa kushindwa kulipa mkopo wa pili. Hakukuwa na kifungu cha kulipiana. Walizoeana tu, wakaanza kusaidiana wenyewe. Kwa hiyo sehemu ya sifa tunayoipa dhamana ya pamoja inastahili kwenda kwa mkutano wa Jumanne.

Basi mchague upi? Ulizeni maswali matatu, na myajibu kwa mtaa mmoja mmoja, si kwa taasisi nzima.

La kwanza ni kama wanajuana. Soko la kijiji ambako watu wameishi pamoja miaka mingi lina taarifa ambazo mkataba wa pamoja unaweza kuzitumia. Mtaa wa wapangaji wanaohama kila baada ya miezi sita hauna. Kipimo chepesi: kila mwanachama peke yake aulizwe mwenzake wa pili anauza nini, mahali gani, na anaishi na nani. Watatu kati ya watano wakishindwa, hicho si kikundi, ni watu waliokutana kwenye foleni. Kujuana kupita kiasi nako kuna tatizo lake. Dada na wifi zake watatu hawatashtakiana kwenye mkutano, na utafiti wa Ahlin na Townsend nchini Thailand ulikuta kwamba uhusiano mkubwa wa kindugu ulikwenda pamoja na ulipaji mbaya zaidi. Ndiyo maana wakopeshaji wengi hukataza ndugu wa nyumba moja kuwa kundi moja.

La pili ni kama mashaka yao yanakuja kwa siku moja. Hesabu ya dhamana inategemea kwamba mmoja akianguka wengine wamesimama. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 10, 2021, wenye vizimba jirani waliumia usiku mmoja. Kikundi cha wauzaji watano wa mstari mmoja hakina bima ndani yake. Hali ni hiyohiyo kwa watano wanaolima mpunga bonde moja, au wanaochuuza dagaa wa mwalo mmoja. Hapo chagueni deni binafsi pamoja na mkutano, na muwe na utaratibu wa kusogeza marejesho janga likitokea. Kama lazima iwe dhamana ya pamoja, basi biashara zichanganyike: wa mboga, fundi cherehani, wa mitumba, mama lishe.

La tatu ni afisa wenu anakusanyaje. Dhamana ya pamoja ni rahisi kuitumia vibaya, kwa sababu kazi ya kudai inahamia kwa wateja. Ikiwa afisa anawazuia wanachama wasiondoke mkutanoni hadi rejesho la asiyekuwepo lipatikane, au kikundi kinakwenda kubeba sufuria na televisheni ya mwenzao, takwimu zenu zitaonyesha asilimia 100 ya marejesho hadi wiki ambayo kikundi kizima hakitokei. Mikopo ya namna hii mitaani ndiyo inayoitwa kausha damu, na jina hilo likishawabandika halibanduki.

Dalili za kikundi kinachooza huonekana kwenye daftari mapema kuliko kwenye ripoti. Tafuteni kulipiana kunakomwangukia mtu yuleyule wiki tatu mfululizo. Kulipiana kwa zamu ni bima. Kwa mtu mmoja ni ruzuku, na wanaoitoa wanachoka. Pili, angalieni nani analeta pesa. Mama mmoja akiwasilisha marejesho ya watano, noti zikiwa za bando moja, na wengine wakiulizwa salio la deni lao wanamtazama yeye usoni, huo ni mkopo wa mtu mmoja uliovaa majina matano. Hapo dhamana haipo, kwa sababu anayedhaminiwa na wanaodhamini ni mfuko mmoja. Njia ya kuthibitisha ni kuwatembelea wanne waliobaki siku isiyo ya mkutano na kuomba kuona bidhaa zilizonunuliwa. Tatu, mahudhurio. Wanachama huanza kuchelewa mkutano kabla ya kuchelewa rejesho.

Kwa taasisi inayoingia mtaa mpya, mpangilio unaofaa ni huu: mizunguko miwili ya kwanza iwe na dhamana ya pamoja yenye ukomo, watu wakichaguana wenyewe, mikopo ikikaribiana ukubwa, na kutolewa kwa awamu kama walivyofanya Grameen, wawili, wawili, mmoja. Kuanzia mzunguko wa tatu, aliyelipa mwenyewe bila kulipiwa zaidi ya mara mbili ahamie kwenye deni binafsi, na aendelee kuhudhuria mkutano. Rekodi yake sasa mnayo ninyi wenyewe, hamhitaji tena jirani awaambie. Mtaa mnaoufahamu tayari, au wateja wanaotoka kwenye VICOBA au chama chenye madaftari yanayosomeka, mnaweza kuanza nao moja kwa moja na deni binafsi.

Kifungu chenyewe kiandikwe kwa maneno ambayo mwanachama anaweza kuyarudia akiwa peke yake: "Mwenzangu asipolipa, nitachangia sehemu yangu, na haitazidi robo ya deni langu lililobaki siku hiyo. Nikishalipa deni langu na sehemu hiyo, sitazuiwa kukopa tena." Sentensi ya pili ndiyo inayomzuia aliyebaki asiache kulipa, na ndiyo inayosahaulika. Afisa amsomee kila mmoja kabla ya kusaini, halafu amwombe aseme kwa maneno yake atadaiwa shilingi ngapi wawili wakitoroka. Kwa zoezi la baada ya chai, kila meza ichukue mafaili matatu ya vikundi vilivyokwama na kutafuta wiki ya kwanza ambayo kulipiana kulianza, na jina la aliyelipiwa.